Samadi Iliyoanikwa Juu ya Bati

Nilikuwa napakia magunia ya pumba kwenye duka la pembejeo Kariakoo, kazi ya muda kama zote nilizowahi kushika. Siku hiyo aliingia mama mmoja kutoka Kigamboni na karatasi ya maabara. Anafuga ng'ombe wawili, analima nusu eka ya mahindi na matuta ya mchicha anaouleta mjini kila wiki. Mvua zilikuwa karibu. Alitaka kujua samadi yake, kama tani tatu, ingetosha mahindi na mchicha pia, au mchicha auache msimu huu.

Dada mtaalamu wa duka alikuwa bado na wateja wengine. Mimi nikaichukua karatasi. Shule niliiacha mapema, lakini hesabu yenye mambo nisiyoyajua huwa hainiachi.

"Wewe si mpakiaji?" mama aliuliza.

"Nasoma pia, mama."

"Haya, msomi, niambie."

Karatasi ilisema kila tani ya samadi ina kilo kumi na nane za naitrojeni. Dada akapaza sauti kutoka upande wa pili: ukivuna tani moja ya mahindi, kama inavyotoa nusu eka nzuri, punje zinaondoka shambani na kilo kama kumi na tano. Na katika samadi mmea unapata chini ya nusu msimu wa kwanza, weka asilimia arobaini. Nikapiga kwenye simu. Tani mbili na kidogo. Mchicha unabakiwa na karibu tani nzima! Mama akacheka, akaniita mwanangu.

Dada alipokuja alitazama simu yangu. "Mabua unayaacha shambani, mama?"

"Niyaache? Ng'ombe wangu wale nini?"

"Basi nayo yanaondoka na chakula cha udongo. Ongeza kilo nane."

Tani tatu na zaidi. Lundo limekwisha, mchicha hauna kitu. Kisha dada akaiangalia karatasi tena, akakunja uso. "Samadi gani hii yenye maji asilimia kumi? Uliikausha?"

Mama alishusha sauti. "Sasa nipande pantoni na mfuko unaonuka? Niliianika juu ya bati mpaka ikawa kama ugoro."

"Na lundo lenyewe?"

"Bichi. Ukiikamata inashikana."

Nusu yake ni maji, dada alisema. Kavu kabisa ingekuwa na kilo ishirini kwa tani, kwa hiyo kila tani ya lundo ina kumi tu, na huenda kuna naitrojeni nyingine iliyopeperuka pale juu ya bati. Nikapiga upya. Zilihitajika karibu tani sita. Mama aliketi juu ya gunia la pumba.

"Saa hii hii nilikuwa nabakiwa," alisema. "Mwanangu, umeniibia wapi?"

Hesabu zote tatu nilizifanya sawasawa, na kila moja ilitoa shamba tofauti.

Dada ndiye aliyezidi kunichanganya. Alisema hata kama mama angezipata hizo tani sita, zisimwagwe. Mahindi na mabua yanaondoa fosforasi chini ya kilo nne. Tani sita zingeingiza kama kilo kumi na tano, na msimu ujao tena, na tena, ziada ikirundikana udongoni.

"Kwa hiyo ni kidogo au ni nyingi?" niliuliza.

"Naitrojeni ni kidogo. Fosforasi ni nyingi."

"Samadi ileile?"

"Ileile."

Ushauri wake ulikuwa huu: weka tani moja na nusu, inatosha kurudisha fosforasi, kisha naitrojeni iliyopungua ijazwe na mfuko mmoja wa mbolea ya urea, nao hautaisha wote, mahindi yakifika magotini. Nusu ya lundo ibaki. Mama aliuliza mara mbili kama hiyo nusu ni ya mchicha kweli, kisha akanunua mfuko.

Nilivuka naye Kigamboni wiki hiyohiyo kusukuma toroli, maana sikuweza kukaa bila kuona. Siku ya kwanza tulipima toroli moja: kilo sabini. Tani moja na nusu ni toroli ishirini na moja. Ila usiku mvua ilinyesha, na asubuhi lundo lilikuwa limelowa. Nikasimama.

"Mama, turudie hesabu. Maji yameongezeka, labda zitahitajika toroli zaidi."

"Mavi yameongezeka?"

"Hapana."

"Toroli imekua?"

"Hapana, ila—"

"Basi sukuma."

Nilisukuma. Zilikuwa nzito kuliko tulivyopima, na sijui hadi leo kama alikuwa sahihi kabisa. Toroli ya ishirini na moja ilipomwagwa, shamba lilionekana halijaguswa. Mama alipatazama mahali palipobaki wazi, akatazama lundo, akashika mpini wa toroli kama anayetaka kuongeza moja. Kisha akaigeuza kuelekea matuta ya mchicha.