Mfupa wa Nane Uko Nyumba Kati

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema asije mtu akadhani nasimulia ushujaa. Naogopa radi, naogopa punda akianza kurusha mateke uchochoroni, na mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha utabibu hapa Lamu niliogopa zaidi ya vyote sinia moja la bati lililokuwa na mifupa ya mkono wa mtu, imeunganishwa kwa waya.

Mtihani wa mifupa ulikuwa wa mdomo. Unaingia peke yako, unakaa mbele ya sinia, mtahini anauliza, unajibu. Nilikuwa nimeanguka mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka tena unakusanya virago unarudi kwenu, na kwetu ni Langoni, dakika kumi kwa miguu, kwa hiyo aibu yenyewe isingenipa hata safari ya kupumzikia.

Mkono una mifupa ishirini na saba. Ya vidole na ya kiganja haisumbui, maana huhesabiwa tu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Balaa ni ile minane midogo ya kifundo, imebanana kama kokoto katika mistari miwili, na kila mmoja una jina lake. Niliikariri kama kasuku, nikitembea, nikipika, nikifua. Nikikaa mbele ya sinia, mtahini akikohoa tu, majina yote yanaruka. Mara ya pili nilitaja mitano, nikarudia mmoja, nikaanza kulia. Lo! Mtu mzima mimi, nalia mbele ya kifundo cha mkono.

Aliyeniokoa, au tuseme aliyenitia mashakani zaidi, ni mwanafunzi mwenzangu wa kike kutoka Kiwayu. Yeye hakuwa akikariri. Nilimuuliza siri yake, akacheka, akasema anatembea. Kichwani mwake anashuka kutoka mlangoni kwao mpaka ufukweni, na kila mahali anapopajua ameweka kitu: kwenye kisima kitu, msikitini kitu, penye mashua iliyopinduliwa kitu. Akitaka orodha anaipitia njia ile ile, anaokota.

"Wewe kwenu nyumba ya mawe, ya kizamani," akaniambia. "Mwenzangu, umelala juu ya hazina unalia njaa. Ingia mlangoni, twende."

Tukakaa barazani kwa chuo, nimefumba macho, yeye ameshika kitabu. Akanionya mambo mawili. La kwanza, mahali pawe pa kweli na pafuatane kama unavyotembea, usirukeruke. La pili, kila kitu ukione wazi, kikubwa, cha ajabu, kikikuchekesha au kukutisha ni bora zaidi. Kitu usichokitazama hakikai.

Basi nikaingia. Nje, kwenye daka letu, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, nikaweka mtumbwi mzima umeziba njia: huo ndio skafoidi, jina lake latokana na chombo. Nikauruka, nikafika tekani, kile kiukumbi cha kuingilia, pale penye taa nikatundika mwezi mwandamo: lunati. Nikatokea kiwandani, ule ua wa katikati usio na dari, nikakuta sambusa kubwa kama punda, pembe zake tatu zinachuruzika mafuta: triketramu. Ubavuni mwake kuna birika la maji, lile tangi la mawe la kuogea, na ndani yake inaelea mbaazi moja: pisifomu, mfupa mdogo unaokaa mbele ya triketramu hasa. Hapo mstari wa kwanza umekwisha.

Mstari wa pili ukaanzia msana wa tini, sebule ya kwanza: meza, na juu yake kidole gumba kimekaa kama mfalme, trapezia, yaani meza, mfupa unaokibeba kidole hicho. Msana wa yuu, sebule inayofuata, meza nyingine ndogo na kidole cha shahada, trapezoidi. Halafu chumba tunachokiita ndani, chenye zidaka ukutani za kuwekea vyombo. Katika kidaka cha katikati nikakiweka kichwa cha upara cha mwalimu wetu wa anatomia, kinatabasamu baina ya mabakuli. Kapitati, maana yake kichwa, na ndio mkubwa wa yote minane. Mwenzangu alicheka mpaka kitabu kikamtoka.

"Saba," akasema. "Mbele kuna nini?"

Nikafumbua macho. "Mbele hakuna kitu."

"Nyumba za Lamu nazijua. Nyuma ya ndani kuna nyumba kati."

Kuna nyumba kati, ndiyo. Ni chumba cha ndani kabisa, hakina dirisha. Humo wanawake wa nyumba wamezalia, na humo maiti wa nyumba huoshwa. Mama yangu alioshwa humo nilipokuwa na miaka kumi na minne. Mama mdogo, nduguye, alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mama, akanitazama mlangoni, akasema, "Ingia, mwanangu. Umtilie mamako mai." Kopo lilikuwa hapo, limejaa. Nikaivuta ile harufu ya kafuri, nikaona vidole vya mama vimelegea kwenye kiganja cha mama mdogo, nikakimbia. Nilikimbia mpaka kwa jirani, nikajifungia. Mtu mwingine alimtilia mama maji. Tangu siku hiyo mlango ule naupita nimegeuza uso, na mama mdogo hajanigusia jambo hilo hata kwa utani.

Hayo sikumwambia mwenzangu. Nilisema, "Haya, nyumba kati." Wa nane ni hamati, wenye ndoano, kwa hiyo nilihitaji kulabu. Nikasimama kizingitini na macho nimeyafumba hata humo kichwani, nikanyosha mkono nikaitundika ukutani upande wa ndani, nikarudi nyuma mbio.

Ikawa kama alivyonionya. Tulipofanya mazoezi, saba inakuja yenyewe, naifurahia, nafika wa nane napata kigugumizi. Siku nyingine kulabu ipo, siku nyingine ukuta mtupu.

"Huyu wa nane wako humtazami," mwenzangu akasema. "Pana nini hapo?"

"Hapana kitu. Endelea."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, shoga yangu." Alinitazama kidogo, akafunga kitabu.

Siku ya mtihani niliamka roho juu. Njiani niliipitia nyumba mara tano, na mara mbili kulabu haikuwepo. Nilijiambia saba yatosha, mmoja nitaubahatisha. Wallahi nilikuwa najidanganya, na nilijua.

Mtahini alikuwa mgeni kutoka bara, mama wa makamo, mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Madirisha wazi, jua la saa tano, feni inalia. Akaniuliza vidole, nikajibu. Akaniuliza kiganja, nikajibu. Kisha akachukua kitambaa cheupe pembeni mwa meza, akaufunika ule mkono kwenye sinia, akakinyoosha pande zote.

"Sasa mifupa ya kifundo, bila kuangalia," akasema. "Na usiniimbie kuanzia kidole gumba, wote huniimbia hivyo. Anzia upande wa kidole cha mwisho, mstari ulio karibu na vidole. Ukimaliza huo, wa nyuma vivyo hivyo."

Kuanzia kidole cha mwisho ni kuanzia wa nane. Sikuwa na daka, sikuwa na mtumbwi, hapakuwa na mahali pa kupitia kwanza. Alikuwa ananiambia, bila kujua, nianze safari nikiwa tayari nyumba kati, na mbele yangu kuna kitambaa cheupe kimefunika mkono. Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Mguu mmoja niliutoa kabisa chini ya meza.

Nikafumba macho. Nikasimama kizingitini. Nikaingia.

Kulabu haikuwepo. Ukuta ulikuwa mtupu kabisa. Kilichokuwepo ni kitanda, na harufu ya kafuri, na mama mdogo amekaa vile vile, ameushika mkono wa mama, ananitazama kama mtu aliyengoja mwaka baada ya mwaka na bado hajachoka. Kopo limejaa. Nikaliinua, nikamtilia mama maji, polepole, kuanzia vidoleni. Yakashuka kwenye kiganja. Na nikaujua ule mkono.

Maana mama alikuwa akikanda unga wa mahamri kila alfajiri, akimaliza mkono humuuma, hunipa niubonyeze kwa dole gumba. Si popote, mahali pamoja tu, chini ya kidole cha mwisho, ndani ya nyama, pana kinundu kigumu. "Hapo, mwanangu. Hapo hapo." Nikibonyeza, anafumba macho. Miaka yote ile nilikuwa nabonyeza ndoano ya hamati, wala sikujua kama ina jina.

"Hamati," nikasema.

Kutoka hapo nikageuka, nikatoka mlangoni kwa miguu yangu, si mbio. Kile kichwa cha upara kidakani: kapitati. Meza ndogo, safari hii nikiifikia kwa upande wa nyuma: trapezoidi. Meza ya kidole gumba: trapezia. Nikashuka kiwandani, mbaazi birikani, pisifomu, sambusa, triketramu, tekani mwezi, lunati, na nje dakani mtumbwi, skafoidi, na jua.

Nilipofumbua macho mtahini hakuwa akiniangalia usoni. Alikuwa akiangalia mikono yangu. Dole gumba la kulia lilikuwa limezama kwenye kiganja changu cha kushoto, chini ya kidole cha mwisho, pamekuwa pekundu.

"Ulikuwa unahesabu?" akauliza.

"Hapana, mama."

Akaandika, akaniambia nimwite anayefuata. Matokeo yalibandikwa baada ya adhuhuri. Nilipita. Mwenzangu wa Kiwayu alipiga kelele za watu wa mashua nzima, mimi nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Mama mdogo alikuwa akichambua mchele kiwandani. Nilimpita, nikapita msana wa tini na wa yuu, nikapita zidaka, nikausukuma mlango wa nyumba kati. Siku hizi ni stoo. Palikuwa na masanduku, magunia, feni mbovu. Uso uligeuka wenyewe kama zamani, nikaurudisha. Nani kasema woga huisha?

Nikamsikia nyuma yangu. "Wataka nini humo, mwanangu?"

"Nimekuya kumtilia mama mai," nikasema.

Hakusema nimechelewa. Alisogeza sanduku moja, akaketi juu yake, akanyosha mkono wake wa kulia kwangu, kiganja juu, kama mkono wa mama siku ile, akangoja.