Vumbi la Meza ya Upekuzi

Mama Pacha alikuwa mfagizi wa kiwanja cha ndege tangu wanawe wakinyonya. Kibali chake cha kuingilia ndicho kilichowalisha, na asubuhi ile kilikuwa shakani.

Maafisa walikuwa wamemkamata abiria mwenye kokeini, begi likapasuliwa juu ya meza ya upekuzi, unga ukamwagika. Msimamizi, ambaye Mama Pacha mwenyewe alimfundisha kushika ufagio, alimwambia aipanguse haraka, abiria wanapanga foleni. Glavu? Zimekwisha, shoga yangu, tumia mikono aliyokupa Mungu. Akapangusa. Akanawa kwa maji matupu, maana sabuni nayo ilikuwa imekwisha, akachukua mkoba wake aende nyumbani.

Kwenye mlango wa wafanyakazi mbwa wa kunusa dawa za kulevya akaunusa mkoba, akaketi. Hakubweka. Mbwa hao hufundishwa kuketi tu, na kuketi kwao ni shitaka tayari.

Mkoba ukapitishwa kwenye skana. Kioo kikaonyesha kitana, funguo na bakuli la chakula, wala hakuna kifurushi kilichofichwa. Skana huona umbo na uzito wa vitu. Vumbi lililoshika vidoleni hailioni.

Ndipo afisa akamsugua viganja kwa kitambaa na kukitia mashineni. Mashine ikakipasha joto, ikapima mwendo wa chembe zilizotoka humo, ikalia. Afisa akamtazama kama anayetazama mzoga.

"Nimetoka kupangusa meza yenu," Mama Pacha alisema. "Muulizeni msimamizi."

Msimamizi akaitwa. Akatazama sakafu, akasema hakumbuki kumtuma mtu. Angekiri, angeulizwa habari za glavu.

Askari wa mbwa, mzee mpole, akamnong'oneza afisa kuwa mbwa wake hakosei harufu, ila harufu haimtaji mwenyewe. Mashine nayo hulia kwa chembe isiyoonekana kwa macho, haijui kama mtu kabeba kilo au kagusa meza. Wakati mwingine hulia hata kwa kitu kingine ambacho chembe zake zina mwendo uleule. Afisa akajibu kwamba yeye hufuata king'ora.

Wakamvua nguo, wakampekua. Hawakupata kitu. Wakachukua mkojo wake na kibali chake.

Majibu ya maabara yalipotoka, mkojo ulikuwa safi, na chembe za mikononi zilifanana na unga uliomwagika mezani. Wakamwachia. Hakuna aliyemwomba radhi.

Alirudi kudai kibali. Ofisini akamkuta msimamizi, na nje ya dirisha, msichana, mdogo wake msimamizi, akisukuma toroli la ufagio.

"Dada, nafasi imejazwa," msimamizi alisema. "Halafu watu watasema. Jina likishachafuka, unajua."

"Nani kalichafua?"

Msimamizi akajifanya kutafuta kalamu.

Mama Pacha akatoka. Huko ukumbini yule msichana alikuwa anaipangusa meza ileile, na safari hii alikuwa amevaa glavu, mpya kabisa, mpaka kwenye viwiko.