Kamba Kati ya Bogoro na Bunia

Motokari ilizimika tulipokuwa tumekwisha kuacha nyumba za mwisho za Bogoro nyuma yetu. Haikupiga kelele. Ilikohoa mara mbili, kisha moteri ikanyamaza, nikabaki nasikia matairi peke yake juu ya changarawe. Niliisogeza kando ya barabara kwa mwendo uliokuwa umebaki. Mama mukwe wangu, aliyekaa nyuma na kitambaa cha kilio kichwani, akauliza, "Imekufa?"

"Haijafa, mama. Imekataa tu."

Tulikuwa tunatoka kumzika mdogo wake. Motokari ilikuwa ya mume wangu. Aliifanyia taksi mjini Bunia kwa miaka, na jioni, kazi ikiisha, alinifundisha kuiendesha. Ini lilipomwua, nilikaa nyumbani miezi mitatu, halafu nikashika usukani mimi mwenyewe. Abiria wengine walifungua mlango, wakaona ni mwanamke, wakafunga tena. Wengine waliingia. Tulikula na watoto walisoma kwa sababu ya hao walioingia.

Nilizungusha ufunguo tena. Moteri ilizunguka kwa nguvu, lakini haikushika. Nikaurudisha ufunguo nusu, nikatega sikio. Kila siku ukifanya hivyo unasikia sauti ndogo chini ya kiti cha nyuma, kama nyuki ndani ya kopo. Ni pompi ya esansi, inayopeleka petroli kwenye moteri. Siku hiyo hapakuwa na nyuki. Nilishusha pumzi, maana pompi ni kitu kidogo, huko Bunia inapatikana. Nakumbuka kwamba pale, kando ya barabara, nilikuwa karibu kufurahi.

Nilimpigia simu shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye alikuwa bado kwenye kilio. Alikuja na gari lake la jipu baada ya nusu saa, akashuka na kamba ya plastiki ya bluu, ile ya kufungia mizigo.

"Mama batoto, usihangaike," akasema. "Tunaivuta. Weye shika usukani tu."

"Shemeji, hii iko otomatiki."

"Na kisha?"

Nikamweleza kama mume wangu alivyonieleza. Katika motokari ya otomatiki, ni moteri inayosukuma mafuta ndani ya bwate ya vitesi, yaani giaboksi. Moteri ikizimika, mafuta yanatulia chini. Ukiivuta na magurudumu ya nyuma yakiwa barabarani, kardani, lile bomba la chuma linalotoka kwenye bwate kwenda nyuma, inazungusha vyuma vya bwate vikiwa vikavu. Kipande kifupi, polepole sana, inaweza kuvumilia. Lakini Bunia ilikuwa kilometa ishirini na zaidi.

"Tufungue kardani," nikasema. "Ni bulo ine tu za kufungua kwa nyuma. Uko na kle ya namba katorze?"

Alitazama barabara. "Kle ziko kwa nyumba."

Nilijua ni spana zipi. Wiki moja baada ya matanga ya mume wangu alikuja kuchukua sanduku la vyombo vya ufundi la marehemu, akisema analiweka lisije likapotea. Sikusema kitu siku ile, na pale barabarani pia sikusema. Mama yake alikuwa amesimama katikati yetu.

"Basi tuiache hapa. Kesho fundi anakuja na pompi, anaifunga papa hapa."

"Ukiiacha hapa usiku moja, kesho utakuta chasi. Na nani atalala ndani, weye? Mu njia hii?"

Watu waliolala katika barabara ile, wengine hawakuamka. Nilimwomba jambo moja tu, aende kwa mwendo wa baiskeli na asimame mara kwa mara. Akasema, "Nimesikia."

Mama mukwe hakutaka kushuka. Alisema motokari ni ya mtoto wake, atafika ndani yake. Nikamwambia motokari inayovutwa haibebi mtu zaidi ya mwenye kuiongoza, maana freni zake ni nusu. Akanitazama, kisha akaenda kupanda jipu, akakaa nyuma, uso wake umegeukia kwangu.

Tulifunga kamba kwenye pete ya mbele ya motokari na kwenye ndoano ya jipu, ikabaki meta tano hivi katikati. Nikafunga kitambaa chekundu pale kati, ili mtu wa pikipiki asije akapita katikati yetu bila kuiona. Tulikubaliana: nikipiga honi mara moja, polepole, mara mbili, simama. Nikaweka ufunguo mahali pake, moteri imezimwa lakini usukani umefunguka, kwa sababu ukiutoa, usukani unajifunga na unaenda moja kwa moja shimoni. Nikaweka gia kwenye N.

Mwanzoni alivuta vizuri. Kamba ilijinyoosha, ikatetemeka, tukaanza kutembea. Usukani ulikuwa mzito kama wa lori. Freni ilinisaidia mara mbili tu, kisha pedali ikawa ngumu kama jiwe, maana nguvu inayoisaidia inatoka kwa moteri pia. Mshale wa mwendo ulionyesha ishirini. Kazi ya anayevutwa ni kuilinda kamba isilegee: wa mbele akipunguza, wewe unakanyaga kabla yake, unajizuia wewe na unamzuia yeye kidogo. Nilikuwa naangalia taa zake nyekundu kama mtu anayesoma barua.

Labda kilometa nne tulienda hivyo. Halafu jua likaanza kushuka upande wa mji, na shemeji akakumbuka kizuizi cha askari kilichoko kabla ya kuingia. Kikishafungwa, mtu anabaki nje. Mshale ukapanda. Thelathini. Arobaini. Nikapiga honi mara moja. Mkono wake ukatoka dirishani, ukanipungia, kama mtu anayesalimu.

Kwenye mteremko wa kwenda daraja dogo alikuwa hamsini. Nilikuwa nimesimama juu ya freni kwa miguu yote miwili, mgongo umegandamana na kiti, na motokari bado ilimkaribia. Mbele yake palikuwa na shimo. Akafunga freni ghafla. Nilizungusha usukani kwa mikono na mabega, nikapita kando ya pembe ya jipu kwa nafasi ya kiganja. Kamba ikalala chini, gurudumu langu likaipanda. Yeye hakuona, akakanyaga mafuta kupanda ng'ambo, na kamba ikajivuta kwa mshtuko uliogonga meno yangu. Ikakatika. Kipande kiliruka kikapiga kioo cha mbele, kikaacha ufa kutoka pembe hadi pembe.

Tulisimama sote. Alishuka akifoka. "Weye unashika freni wakati mi navuta!"

"Nashika freni juu weye unakimbia, shemeji! Nimepiga honi."

"Jua linaenda! Hulioni?"

Lori la mihogo lilisimama nyuma yetu, na shoferi wake, mzee mwenye kofia ya sufu, akaja kuangalia fundo. Akasema kamba haifai mahali pa mlima, panatakiwa bare, fimbo nene ya chuma, maana bare haiwezi kulegea wala kukatika, na wa nyuma hawezi kumgonga wa mbele. Lakini bare yake ilikuwa ya malori, pini yake nene kuliko ndoano zetu. Aliijaribu, akatikisa kichwa, akairudisha.

"Na muende polepole," akamwambia shemeji. "Hii ni otomatiki."

"Nimeshasikia hiyo," shemeji akasema.

Alifunga tena vipande vilivyobaki. Sasa kamba haikufika meta tatu. Mbele yangu sikuona barabara tena, niliona gurudumu la akiba la jipu na, juu yake, uso wa mama mukwe nyuma ya kioo. Tulipopita hamsini nikapiga honi. Nikapiga mara mbili. Nilimwona mama mukwe akigeuka, akimpiga mwanawe begani kwa ngumi, mara nyingi. Mdomo wake ulikuwa ukisema kitu. Jipu halikupungua. Mshale wangu ukagusa sitini, na sikuthubutu kukanyaga freni kwa nguvu, kwa sababu kamba fupi hivyo ikikatika inarudi usoni.

Harufu ilikuja polepole. Haikuwa ya matairi wala ya freni. Ilikuwa kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa motoni, yenye utamu mbaya, na ilitoka chini ya miguu yangu. Nilijua ni nini. Nikaondoa mkono kwenye honi. Kuanzia hapo sikupiga tena.

Tulikuta kizuizi bado kiko wazi. Askari hata hakutuuliza karatasi.

Shemeji alituacha kwa fundi, huko Bigo, karibu na nyumbani. Alifungua kamba, akaikunja vizuri, akasema, "Unaona? Tumefika." Alisema bila ubaya. Alikuwa amechoka, shati lake limelowa, na naamini alifikiri ametuokoa. Mama mukwe alibaki ameshika mlango wa motokari mpaka jipu lilipoondoka, kisha akaniambia, "Nilimwambia. Hajawahi kunisikia, hata akiwa mtoto."

Kesho yake fundi aliweka pompi kabla ya saa nne asubuhi. Nikazungusha ufunguo, na moteri ikashika mara ya kwanza, laini, kama vile hakuna kilichotokea. Fundi akacheka. Nikaweka D. Hakuna. Nikakanyaga mafuta, moteri ikalia, motokari haikusogea hata kidole. Nikaweka R. Hakuna. Fundi akaacha kucheka. Alitoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate, akakipangusa kwenye karatasi, akanionyesha: nyeusi, na unga wa chuma ndani yake. Akanusa, akanipa nami ninuse. Sikuhitaji.

"Nani alivuta?" akauliza.

"Mutu wa familia."

Akaitazama kardani chini, akarudisha kijiti mahali pake. Nilimshukuru kwa kutoniuliza zaidi.

Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeleta vyuma vya motokari kupitia Aru, mpakani. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alisema bwate ya namna ile itapatikana. Mara ya pili alisema imepatikana lakini si yenyewe, ya kwangu ni ya zamani. Mara ya tatu alikuwa mwenye heshima sana, akanipa kiti, na nilielewa kabla hajafungua mdomo.

Motokari ipo bado kwa fundi, kando ya ukuta. Kwanza niliuza redio, halafu taa za mbele. Moteri hakuna anayeitaka. Nauza maharage ya kuchemsha asubuhi, na mama mukwe ananisaidia kuyachambua.

Mwezi uliopita shemeji alikuja nyumbani. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari ya kila mtu. Kisha akasema batri ya jipu lake imechoka, na kwa kuwa ya marehemu iko tu pale bila kazi, haingekuwa vibaya aichukue. Nilitembea naye hadi kwa fundi. Nilifungua boneti mimi mwenyewe na kuishika juu, kwa maana kijiti cha kuisimamisha kilikwisha kuuzwa. Yeye akalegeza nyaya kwa kle alizokuja nazo, zile za sanduku.

Alipokwisha kuiweka batri kwenye pikipiki iliyomngoja, alinishukuru. Akauliza kama watoto wanasoma vizuri.

"Mukubwa ameacha," nikasema. "Mudogo naye wamemurudisha nyumbani wiki hii."

"Mungu atafanya," akasema, na pikipiki ikaondoka.