Maandishi Yaliyotangulia Sauti

Wiki ile maandishi yalipoanza kupotea kwenye televisheni yetu, nilimshuku mume wangu. Mwingine wa kumshuku hakuwepo. Watoto walikuwa bwenini, na katika nyumba yetu ya Kihanga tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na rimoti.

Niseme kwanza kwa nini niliyajali maandishi yale kuliko hata filamu zenyewe. Masikio yangu yalikuwa yanakwisha. Sauti nilizisikia, ila maneno yalinifikia yakiwa yamepondeka, hasa ya wanaozungumza haraka. Na mimi kazi yangu ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ninaandika mihtasari ya vikao. Wakulima hamsini wanabishana juu ya bei, kwa Kiswahili na Kinyambo, na mimi ndiye ninayeandika nani kasema nini. Nilikuwa nikikaa ubavuni mwa mwenyekiti, ninarekodi kikao kwa simu, kisha najifungia ofisini na visikilizi masikioni, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Ikijulikana, kalamu inapewa mtu mwingine. Na mwenyekiti yule alikuwa anaimba kwaya moja na mume wangu. Kwa hiyo nyumbani nilijificha zaidi kuliko kazini.

Mume wangu ni mwalimu, Kiingereza cha filamu anakisikiliza bila shida. Mimi nilisoma yale maandishi ya chini ya picha na kucheka panapochekesha. Nilimwambia nayaweka ili ninoe Kiingereza changu. Alinijibu kwamba ni jambo jema. Aliwahi kutaja zile filamu za kutafsiriwa, ambazo mtu mmoja anapayuka Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wote, nikamwambia zinanipa kichefuchefu. Ukweli ni kwamba yule mpayukaji sikumwelewa hata neno moja.

Sasa Jumamosi moja, tumekula, tumefungua tamthilia yetu kwenye ile programu ya filamu ya mtandaoni, sehemu ya tisa inaanza na chini ya picha hakuna kitu. Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye menyu ya maandishi. Yalikuwa yamezimwa. Nikayawasha.

Kesho yake, baada ya ibada, yamezimwa tena.

"Labda programu imejisasisha," alisema mume wangu, macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai.

Machale yakanicheza. Programu gani hii inayojisasisha tukiwa tumeshiba tu? Na kwa nini mtu huyu, ambaye huwa ananitazama anapozungumza, leo anazungumza na chai? Nilijua ananipima. Anataka ushahidi wa kumpelekea mwenyekiti huko kwaya. Sikumpa raha ya kuniona nikihangaika na menyu mara ya pili. Nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda nyuma kumenya ndizi, na huko nilimenya kwa hasira mpaka nikajikata kidole. Wikendi iliyofuata ikawa vilevile. Maandishi hakuna, kichwa kinauma, ndizi.

Kisha bando likaisha, naye akasema ataleta filamu kwenye flashi kutoka kwa dada mmoja mwenye duka la kuweka filamu pale Kayanga. Alinihakikishia kwamba amemwomba zenye maandishi. Tukachomeka. Filamu ilicheza vizuri sana, na maandishi hayakuwepo.

Safari hii sikwenda kumenya ndizi. Jumatatu nilichukua flashi ile nikaipeleka Kayanga mwenyewe.

"Shikamoo mama," alisema mwenye duka.

"Marahaba. Hii filamu uliiweka na maandishi yake?"

Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo. Mafaili yalikuwa mawili, la video na jingine dogo la maandishi. Akanieleza taratibu, nami nikawa namtazama mdomo. Televisheni inatafuta faili la maandishi lenye jina lilelile la video, kwenye folda hiyohiyo. Yake yalitoka dukani yakiwa na jina moja. Sasa video ilikuwa inaitwa "Ya Jumapili", na maandishi yamebaki na jina la zamani.

"Kuna mtu kabadilisha jina la video," alisema. "Televisheni haiwezi kujua kwamba hivi vitu ni ndugu."

Mtu! Nilimjua huyo mtu mpaka ukubwa wa viatu vyake. Nikamwomba alifute faili lile dogo, anitafutie maandishi mengine, anibandikie jina sawasawa. Hasira ilinifanya niagize kitu nisichokihitaji, maana yale ya mwanzo yangetosha kabisa kubadilishwa jina. Akapakua mengine mtandaoni. Tukaangalia kama yanatokea, yakatokea, nikaridhika.

Jumapili nilikaa kwenye kochi kama bibi harusi. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya familia inayogombea mirathi, watu wanasema maneno makali kwa sura za upole. Maandishi yakaja meupe, makubwa. Nilisoma, nikacheka. Nikasoma tena, nikaguna kwa uchungu wa yule shangazi. Nilijiona nimeshinda vita.

Mume wangu akasimamisha picha.

Alikuwa akiniangalia mimi muda wote, si televisheni. Alisema kitu, akaona sijaelewa, akasogea.

"Umecheka kabla hajasema," alisema.

"Nani?"

"Wote. Maandishi yanatangulia. Sekunde tano hivi. Mimi niliacha kuyasoma mwanzoni kabisa, yanavuruga. Wewe hujaona?"

Sikuwa nimeona. Baadaye yule dada wa Kayanga alinieleza kwamba maandishi yale yalitengenezwa kwa nakala nyingine ya filamu, yenye utangulizi mfupi kuliko wa kwetu, ndiyo maana kwenye nakala yetu yaliwahi kwa kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho. Kwenye simu ungeweza kuyasogeza nyuma, televisheni yetu haina hicho kitu. Lakini pale kwenye kochi nilijua tu kwamba nimekamatwa. Nikaamua kushambulia kwanza.

"Ulikuwa unayazima wewe," nilisema.

"Nilikuwa nayazima mimi."

"Na jina la video?"

"Hilo nilibadilisha ili nisisahau ipi ni ya Jumapili. Sikujua." Hilo mpaka leo naliamini nusu.

"Utamwambia nani sasa? Mwenyekiti?"

Alinitazama kama mtu asiyejua mwenyekiti anaingiaje. Kisha akakaa, akaanza kuzungumza akiangalia mikono yake, na ilibidi nimshike kidevu nimwinue uso ili nipate maneno. Alisema mwaka mzima amekuwa akiniita kutoka jikoni, kutoka uani, na mimi sijibu. Anasimulia habari za shule, nainuka katikati na kuondoka. Alidhani nimemchoka. Alidhani kuna mtu. Akayazima maandishi ili aone kama tatizo ni masikio, na nilipoondoka kila mara nikisingizia kichwa, akaamini kwamba kweli sitaki kukaa naye.

"Kwa hiyo husikii," alisema.

"Sisikii vizuri."

Akacheka. Akacheka huku machozi yanamtoka, mtu mzima, mwalimu, na mimi nikakasirika kwamba kuna binadamu anaweza kufurahia jambo hili. Alisema neno ambalo lilinipita. Nikamwambia arudie. Akanisogelea sikio la kulia, akarudia polepole, neno kwa neno:

"Mke wangu, nilikuwa naomba iwe masikio."