Ukurasa wa Tano wa Programu ya Kukhu

Kukhu, nyanya yangu, alinilea tangu nikiwa darasa la pili, na bado nilijua singeweza kusimama kwa mazishi yake kusema kitu. Darasani tu nikiulizwa swali, sauti inakwama. Kwa hivyo niliandika ujumbe, nikajiambia ukichapishwa kwa programu, kile kijitabu cha mazishi, watu watasoma wenyewe na mimi nitabaki kwa kiti.

Siku moja kabla ya mazishi, mimi na shangazi tulienda kwa duka la kuchapisha, Kitale mjini. Jamaa wa kompyuta alikuwa ashapanga kila kitu. Kwa jalada, Kukhu na kitambaa chake cha kanisa. Ukurasa wa pili, utaratibu wa ibada. Wa tatu na wa nne, wasifu. Wa tano, ujumbe wa familia. Wa sita, nyimbo. Wa saba, picha, kwa sababu karatasi ya nje ndiyo ilikuwa ya rangi. Nyuma, shukrani.

Nikamuonyesha ujumbe wangu. Akacheka kidogo.

"Sistee, hii ni nusu ukurasa, na wa tano umejaa. Siwezi kuongeza mmoja. Karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ni nane ama kumi na mbili."

"Na hizo zingine tatu tujaze nini? Picha za ng'ombe?" shangazi akamuuliza.

"Basi ipunguzwe. Ama asome tu kwa maiki."

Nikaangalia chini. Shangazi aliniona. Alisoma karatasi yangu yote, hata pale nimeandika kwamba Kukhu alikuwa ananingojea langoni nikitoka shule akijifanya anafagia. Halafu akaweka kidole kwa kioo cha kompyuta, juu ya ujumbe wake mwenyewe.

"Toa hii yangu."

"Ati nini, mama? Wewe ndiye kifungua mimba!"

"Toa, bana. Mimi nina mdomo, nitasema. Huyu aandike. Na kwa utaratibu, pale 'Wajukuu', uandike 'Ukurasa wa 5', asiitwe mbele."

Nilishika kibeti chake mpaka mashine ikamaliza kupiga programu pini.

Kesho yake, kwa mazishi kule Bungoma, mshereheshaji alipofika kwa wajukuu alisema, "Hiyo mtasoma ukurasa wa tano," akaita shangazi. Shangazi aliongea mpaka watu wakacheka wakilia.

Kando yangu alikaa mama mzee, jirani wa Kukhu. Alikuwa amegeuza programu juu chini.

"Mjukuu, macho yangu yamekataa. Umesema nini hapa?"

Nikamsomea polepole, karibu na sikio. Nilipofika pale pa kufagia, benchi ya mbele ilikuwa imegeuka kunisikiliza. Niliogopa, lakini mama mzee alinifinya mkono.

"Endelea," akasema. "Ni kweli. Huo uwanja ulikuwa hauna hata jani la kufagia."

Nikasoma mpaka mwisho.