Tuta Moja la Mbegu Ngeni

Nimezaliwa pwani, nimelelewa pwani, na sijui kuogelea. Usinicheke. Wanawake wengi wa mwani hatujui, kwa sababu kazi yetu ni ya maji ya magotini. Bamvua likifika na maji yakajitoa, tunashuka na kamba zetu, tunapigilia vigingi mchangani, tunafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kisha tunarudi nchi kavu bahari haijarudi. Aliyejifunza kuogelea katika kikundi chetu alikuwa shoga yangu, na yeye ni mtu wa Miono, ambako maji ya kutosha kumzamisha mtu labda yawe ya kisimani.

Aliolewa kijijini kwetu, kusini kidogo mwa Bagamoyo, akaja na akili za wakulima. Wakati huo kikundi kilikuwa na mwani wa miiba peke yake. Ni mwani mgumu, haufi ovyo, lakini bei yake ni ya kukatisha tamaa. Siku moja tunaanika, akasema, "Kwetu Miono mtu hapandi mahindi matupu. Anaweka mahindi, anaweka muhogo, anaweka kunde. Halafu pembeni anaacha tuta moja la mbegu ngeni. Likikataa, hakuna anayelala na njaa. Likikubali, mwakani anaongeza tuta la pili."

"La pili tu?" nikamuuliza.

"La pili tu. Mbegu ngeni ni kama mkwe mpya, humpi funguo za nyumba siku ya kwanza."

Tulicheka, lakini tulimsikiliza. Mwani wa miiba ukabaki kuwa mahindi yetu. Tukaongeza sabuni ya mwani, tunaiuza kwa wageni wanaokuja kutazama magofu ya mjini. Wakati wa maji mafu, ambapo bahari haitoki vya kutosha kufanya kazi, tukashona mikeka ya ukindu. Na tuta la pembeni likawa kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri, ambao kila aliyeujaribu kwetu aliuona ukifa maji yakipata moto.

Shoga yangu akasema basi tusiupande hapa kwenye maji mafupi, tuupeleke kwenye kina, kuna ubaridi. Tukashona nyavu ziwe mifuko mirefu, tukazijaza mbegu, tukafunga chupa tupu za plastiki juu zielee na viroba vya mchanga chini visiachie. Mumewe alikuwa na mtumbwi. Shoga yangu mwenyewe akajifunza kuogelea na gauni lake, wavulana wa ufukweni wakimzomea, na hakujali hata kidogo. Mtu lazima aingie majini kukung'uta matope kwenye nyavu na kutazama kama fundo limelegea.

"Shoga, njoo nikufundishe," alikuwa akiniambia. "Kazi hii isiwe ya mtu mmoja."

"Nitakuja," nilikuwa nikimjibu. "Maji yakitulia."

Kipupwe kile kotonii ilimea hadi nyavu zikavimba. Tulipoianika ufukweni watu walikuja kuitazama. Mnunuzi naye akaja, akaishika, akasema anaitaka hiyo, ile ya miiba tumwekee mwingine.

Hapo ndipo akili zilipotuhama. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwamkia shikamoo hata akiwa amekosea, aliitisha kikao. Akasema kamba tunazo, vigingi tunavyo, basi kamba zote tufunge kotonii.

"Bibi, shikamoo tena," shoga yangu akasema. "Ile imekubali kwenye kina. Hapa kwenye maji mafupi, kaskazi ikiingia, patachemka."

"Mbona miiba haifi?"

"Ndiyo maana nasema tusiiache."

Mimi nikasema wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenyekiti akanijibu kwamba wahenga hawakuwa na ada za shule. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichopiga kura.

Lazima ueleweke ubaya wa jambo lile. Mwani hauna ghala la mbegu. Mbegu ni mwani wenyewe: ukivuna, unabakiza vipande vibichi, unavifunga tena kwenye kamba siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukivuna wote ukaukausha, umekausha na mbegu. Sisi tulivuna miiba yote, tukaikausha, tukaiuza, tukafunga kotonii kila mahali. Tulikuwa tunaimba.

Kaskazi ilipoingia, maji ya magotini yakawa ya kuogea mtoto mchanga. Kotonii ikaanza kuwa nyeupe kwenye ncha, kisha ikawa inakatika yenyewe, na kila bamvua tukishuka tunakuta kamba tupu. Kule kwenye kina, nyavu za shoga yangu zilikuwa bado na mwani wa rangi yake, mzima. Ilikuwa mbegu pekee iliyobaki kwetu, ya aina yoyote.

Na katika majuma hayo homa ikamlaza. Malaria ilimshika vibaya, hata uji haukai tumboni, na mumewe akawa hatoki kando ya kitanda chake. Nyavu zikaanza kujaa matope. Mwenyekiti akaitisha kikao kingine, akasema kilichobaki kivunwe, tukauze, tugawane chochote kabla nacho hakijafa.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti, nakumbuka mpaka kitenge kilinidondoka begani: tukiuza hii tumeuza mbegu, tumngoje mwenzetu apone.

Mwenyekiti hakunikasirikia. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, na mpaka apone, nani ataingia kuzisafisha? Utaingia wewe?"

Nilitazama wenzangu, wakatazama mchanga. Mimi niliyesifia tuta la pembeni kwa kila mgeni aliyetutembelea, niliyesema shughuli moja haitoshi, jambo letu la kijasiri kuliko yote nilikuwa nimeliacha lishikiliwe na pumzi za mtu mmoja. Nikakaa chini. Wavuvi wakalipwa, wakaenda kuzitoa nyavu.

Shoga yangu alipopata nguvu ya kutoka nje alikuta kotonii yake ipo juu ya chanja, imekauka. Aliokota kipande, akakivunja, akakirudisha. Nilitamani anitukane. Baadaye maneno ya kijiji yakageuka, ikawa eti yeye ndiye aliyetuletea kotonii, yeye ndiye aliyetuua. Hakuna aliyekumbuka kwamba alitaka tuta moja tu. Yeye na mumewe wakauza mtumbwi wakahamia Miono.

Sisi hatukufa njaa, maana sabuni na mikeka vilitushika mkono kama alivyosema, na wanawake wa kijiji cha jirani wakatupa mbegu ya miiba. Kamba zimejaa tena. Ukipita utasema kikundi hiki kina afya. Mimi naona pembeni tu, pale zilipokuwa chupa zikielea, na roho inaniuma.

Nyavu ninazo mimi, chumbani kwangu. Juzi shoga yangu alinipigia simu. Anaendelea vizuri, ana mahindi, ana muhogo, na pembeni tuta moja la ufuta. Akaniambia kuna kikundi kingine kimebahatika kupata mbegu ya kotonii, anaweza kuniombea. Moyo ukaniruka. Kisha akauliza, "Umejifunza kuogelea, shoga?"

Nikamwambia bado, maji siku hizi ni ya baridi sana.

Miono ni mbali na bahari, lakini joto la kaskazi linajulikana hata huko, na kaskazi ilikuwa imeshaingia.