Karatasi ya Mifupa ya Mama

Niliacha shule darasa la nne na sioni haya kulisema. Wapo waliomaliza la saba na wakaja kunipakilia mbao. Serikali ilipofungua biashara, ikawa mtu anaruhusiwa kununua mahindi kwa mkulima na kuyauza anakotaka, mimi nilikuwa tayari nimesimama barabarani Makambako na mzani wangu. Nilianza na gunia moja la viazi kutoka Iwawa. Miaka kumi baadaye nilikuwa na malori mawili, nyumba Makambako, na nyingine niliyomjengea mama Mjimwema, pale Njombe, yenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka unajiona uso.

Hesabu za mzani nilizifanya kichwani. Nikilitazama gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo, nilikuwa nakuambia uzito wake kabla halijapanda mzanini, na mara nyingi nilikosea kwa kilo moja tu. Nayasema haya kwa sababu ndiko makosa yangu yalikotokea. Hayakutokea kwenye ujinga wangu. Yalitokea kwenye kile nilichokijua vizuri.

Mama aliteleza kwenye ile sakafu. Hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Alikuwa anatoka chumbani kwenda jikoni, akaegemea chini kwa mkono, kifundo kikavunjika. Alikuwa anakaribia miaka sabini, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, mpole, lakini maneno yake hayakuwa na sukari.

"Mama ameanguka kutoka wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo chini, daktari. Amesimama tu."

"Basi mkono huu haukuvunjwa na sakafu peke yake. Mtu mzima akianguka kutoka kwenye urefu wake mwenyewe na mfupa ukakatika, lazima tuuulize mfupa." Akanieleza kwamba picha ya kawaida ya eksirei haioneshi upungufu mpaka mfupa uwe umeliwa sana, na kwamba iko mashine nyingine ya kupima uzito wa madini ndani ya mfupa, ila yeye hana, na mikoani kwetu haipo. Alijua ipo Nairobi. "Najua ni mbali. Tunaweza kuanza kumtunza bila kipimo."

Kuniambia mimi kitu ni mbali! Niliona kama ananipima mfuko. Nikamwambia, "Daktari, mama yangu atapimwa Nairobi."

"Vizuri. Basi ukirudi, karatasi niletee mimi kwanza. Kabla mama hajashuka bondeni."

Bondeni ndiko ilikokuwa mianzi ya mama, naye alikwisha kumsimulia daktari habari zake. Sisi Wabena mvua zikianza tunagema ulanzi, pombe ya mianzi: unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatega mbeta, kile chombo cha mwanzi, na kila asubuhi na kila jioni unarudi kukwangua ile ncha ili maji yake yaendelee kutoka. Ukiruka siku moja tu, mwanzi unaziba. Wanaume wengi ndio wanaogema, lakini baba alipofariki mama aliishika ile mianzi mwenyewe na hakumwachia mtu. Njia ya kushukia ni ya udongo mwekundu. Ikinyesha, hata mbuzi anafikiri mara mbili.

Tulikwenda Nairobi kwa basi, siku mbili. Mama alilazwa juu ya meza, chombo kikapita juu yake polepole, bila maumivu wala sindano, akatoka akicheka: "Baba, ndiyo hiyo tu? Nimesafiri kote huku kuja kulala?" Mama aliniita Baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Tukapewa karatasi na kuambiwa tuipeleke kwa daktari wetu.

Karatasi ilikuwa na picha ya mgongo na ya nyonga, mchoro wenye mistari, na chini sentensi tatu za Kiingereza. Kiingereza sijui. Namba najua. Kwenye mgongo kulikuwa na moja nukta tatu, na kwenye nyonga mbili nukta tisa, zote zikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Nilizisoma ndani ya basi kabla hatujafika mpakani. Nikajiambia: kumbe amepungua kidogo tu. Gunia la kilo mia likitoka Makambako likafika Dar es Salaam na kilo tisini na saba, nani anagombana? Limekauka njiani. Halafu nikafanya ninavyofanya kwenye mahindi ya magunia mawili: nikachanganya. Moja nukta tatu na mbili nukta tisa, gawa kwa mbili, ni mbili nukta moja. Mtu wa karibu miaka sabini, kupungua mbili tu! Nilifurahi mpaka nikamnunulia mama soda mbili.

Makambako niliionesha ile karatasi kila mahali, kwenye mizani, gereji, mpaka kwa wauza chai. Nilitaka watu wajue kwamba kuna mtu amempeleka mama yake Nairobi kupimwa mifupa. Mzee mmoja msafirishaji, Mwislamu aliyehamia kutoka Tanga, aliyenifundisha mengi ya malori, aliigeuzageuza akiwa ameinua miwani.

"Sasa Mbena, hii inasemaje?"

"Inasema bibi amekauka kilo mbili njiani, mzee."

Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, kisha akanirudishia. "Mzani wa mahindi na mzani wa mtu ni mmoja? Mpelekee daktari, mwanangu. Hata mimi lori likilia sikisii, namwita fundi."

"Mzee nawe, fundi wa namba ni mimi."

Neno hilo nililisema mbele ya watu saba. Nalikumbuka vizuri kuliko maneno niliyoyasema siku ya harusi yangu.

Mvua zikaanza. Nilipofika Mjimwema, mama alikuwa ameketi barazani, mkono umeshapona, kisu cha kugemea mapajani, hajakitumia. Alikuwa anaogopa. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, karatasi imesemaje? Nishuke au nimwachie jirani mianzi?"

Nilikuwa na haraka, lori linapakia viazi. Nikamwambia, "Mama, umepungua mbili tu. Gema ulanzi wako."

Uso ukamfunguka. "Mbili tu?"

"Mbili tu."

Karatasi ikakaa kwenye dashibodi ya lori. Nilipita njia panda ya kwenda kwa yule daktari sijui mara ngapi msimu ule. Makambako nzima ilikuwa imeiona karatasi ya mama yangu, isipokuwa mtu mmoja aliyejua kuisoma.

Ilikuwa asubuhi, katikati ya mvua. Aliteleza kwenye ile njia, akakaa chini kwa ubavu. Jirani aliyemkuta alisema wala hakubingirika. Mbeta ilikuwa bado imesimama wima mkononi, ulanzi haujamwagika. Lakini mguu ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

Daktari alipotoka chumbani kwake na picha ya nyonga, nilikuwa nimeishika ile karatasi. Imekunjwa, ina doa la grisi. Aliipokea, akaisoma kwa muda mfupi sana. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Kipimo hiki ni cha lini?"

Nikamwambia. Nikamweleza na hesabu yangu yote, kilo mia, kukauka njiani, kuchanganya na kugawa. Akavuta kiti akakaa karibu nami, akachora mstari nyuma ya karatasi.

"Hizi si kilo, wala si sehemu ya mia," alisema. "Sifuri hapa ni mfupa wa mwanamke kijana mwenye afya. Kila namba moja chini ya sifuri ni hatua nzima ya kuachana na yule kijana. Mpaka kutoa moja, tunasema mfupa ni wa kawaida. Kati ya kutoa moja na kutoa mbili na nusu, umepungua. Kutoa mbili na nusu na kushuka chini, ni ugonjwa wa mifupa dhaifu. Na kila hatua moja ukishuka, hatari ya kuvunjika inakuwa karibu mara mbili ya pale ulipokuwa. Kwenye nyonga hata zaidi."

Nikapiga hesabu. Safari hii sikutaka jibu lije.

"Lakini mgongo ulikuwa na moja nukta tatu," nilisema. "Ukichanganya..."

"Hatuchanganyi. Lori lako likiwa na matairi matano mazima na moja limeisha, unachanganya? Tunasoma namba ya chini kabisa. Tena mgongo wa mzee unadanganya: pingili zilizobonyea na vinundu vya uzee vinauonesha mzito kuliko ulivyo. Na mama alikwishavunjika mkono kwa kuanguka kidogo. Hilo peke yake lilitosha kutuonya, hata bila Nairobi."

Niliuliza swali ambalo ndilo nililobaki nalo mpaka leo. "Ningekuletea, asingevunjika?"

Aliitazama tena ile karatasi. "Sijui. Karatasi haisemi nani ataanguka. Inasema tu kwamba akianguka, mfupa utamshikilia kiasi gani. Ningempa dawa, kalsiamu, ile chokaa ya mifupa, na fimbo. Na ningemwambia asishuke ile njia." Akanirudishia karatasi. "Hilo la mwisho halihitaji dawa."

Mama alilala wiki nyingi mguu umefungwa kamba na mawe ya uzito, unavutwa. Alipona kwa namna yake: mguu mmoja mfupi, fimbo mbili, na hatua zisizovuka geti la ile nyumba niliyojivunia. Sakafu niliibomoa, nikaweka sementi ya kukwaruza. Watu walishangaa nikiharibu kitu kizuri.

Hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu, nikiwa nimemletea mbeta ya ulanzi mzuri niliyonunua sokoni, alionja, akaiweka chini.

"Baba, si ulisema mbili tu?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari za hatua, sifuri na yule kijana mwenye afya. Sasa nazijua zote. Naweza kumsomea mtu karatasi ya namna ile gizani. Nikaona hazimsaidii.

"Nilisema, mama. Nilikosea hesabu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa anaijua. Kisha akaniomba nimsogezee kiti dirishani. Kule bondeni mianzi yake, ambayo hakuna aliyeikwangua misimu miwili, ilikuwa imejiachia na kurefuka mpaka inaonekana juu ya ukuta.

"Imekuwa mirefu," alisema.

Nikakaa naye mpaka lori likapiga honi nje, likapiga tena, na dereva akaingia kuniuliza kama hatuondoki. Nikamwambia aende peke yake.